Tangazo la lugha mbili: kwa nini Kiswahili kinaonekana kidogo, na namna ya kulirekebisha

Msimamizi wa jengo moja la wapangaji aliniletea tangazo lake baada ya kulibandika getini na kuona halijafanya kazi. Kiingereza kilikuwa juu, herufi nzito, saizi 28. Kiswahili kilikuwa chini yake, herufi za mlazo, saizi 16, rangi ya kijivu. Mama mmoja mpangaji alikuwa amesimama mbele ya karatasi hiyo, kisha akageuka kumwuliza mlinzi, "Baba, maji yanakatwa lini?" Jibu lilikuwa mbele yake, kwa lugha yake, lakini jicho lilikuwa limeshaamua kwamba maandishi yale ya chini ni nyongeza tu.

Hayo ndiyo ninayoita uzito wa kuonekana. Lugha mbili zikiwa kwenye karatasi moja, msomaji anaamua kwa kutupa jicho mara moja ipi ni tangazo na ipi ni maelezo ya pembeni. Hapa nitapitia dalili moja moja na sababu zake, nikitumia tangazo hilo la maji kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maneno yake, bila mpangilio wake wala namba ya simu, yalikuwa haya:

```
Hakutakuwa na maji Jumamosi
Saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni
Mafundi watabadilisha bomba kuu. Tafadhali wekeni akiba ya maji
mapema, na hakikisheni koki zote zimefungwa kabla ya kutoka.

No water on Saturday
8:00 a.m. to 4:00 p.m.
Plumbers will replace the main pipe. Please store water in advance,
and make sure all taps are closed before you go out.
```

## Kabla ya kugusa chochote

Chapisha nakala moja, ibandike ukutani ikiwa juu chini, kisha simama hatua tatu au nne nyuma na ukunje macho. Ikiwa juu chini huwezi kuisoma, kwa hiyo unachokiona ni madoa ya wino tu. Jiulize doa lipi ni jeusi zaidi, lipi ni kubwa zaidi, na jicho linatua wapi kwanza. Kwenye skrini unaweza kufanya hivyo hivyo kwa kupunguza ukurasa hadi uwe mdogo kama stempu.

Jaribio hili lina faida moja kubwa: linakuonyesha dalili kabla hujaanza kubahatisha sababu. Wengi wakiona Kiswahili kimefifia wanakimbilia kuongeza saizi ya herufi, na mara nyingi saizi siyo tatizo.

## Dalili: saizi ni moja, lakini lugha moja inaonekana ndogo

Anza na kuhakikisha kwamba saizi kweli ni moja. Kwenye Word, chagua maandishi yote kwa `Ctrl+A` kisha tazama kisanduku cha saizi. Kikiwa kitupu, kuna saizi zaidi ya moja ndani. Kwenye PowerPoint utaona namba yenye alama ya kujumlisha, kama `18+`.

PowerPoint ina mtego wake. Visanduku vya maandishi vinavyokuja na mpangilio wa slaidi vina tabia ya kupunguza herufi zenyewe maandishi yanapojaa. Kila kisanduku kinajipunguza kivyake, kwa hiyo kile cha Kiswahili kikijaa kwanza kinashuka, na cha Kiingereza kinabaki kilivyo. Hukugusa kitu, lakini usawa umeshavunjika. Bofya kisanduku kwa kitufe cha kulia, fungua `Format Shape`, nenda `Text Box`, na mahali palipoandikwa `Shrink text on overflow` chagua `Do not Autofit`. Fanya hivyo kwa visanduku vyote viwili. Maandishi yakimwagika nje baada ya hapo, vizuri: sasa unaliona tatizo halisi, na dawa yake iko mbele kidogo.

Kama saizi ni moja kweli, tafuta mlazo. Herufi za mlazo kwa kawaida ni nyembamba na nyepesi kuliko zilizosimama za fonti ileile, hivyo lugha iliyowekwa kwa mlazo inashuka daraja hata kama saizi haijabadilika. Kwenye vitabu tumezoea mlazo ukiwa na maana ya "hili ni neno la kigeni". Kuweka Kiswahili kwa mlazo kwenye geti la jengo la Dar es Salaam au Mombasa ni kumwambia msomaji kwamba lugha yake ndiyo mgeni. Ondoa. Ukitaka kutofautisha lugha, mahali zilipokaa kwenye karatasi panatosha.

Sababu ya tatu ni kubanwa kwa herufi. Mtu aliona mstari wa Kiswahili hautoshi, akaenda kwenye `Font`, kisha `Advanced`, akapunguza `Scale` kutoka asilimia 100 hadi 85. Urefu wa herufi unabaki uleule, lakini miguu yake ya wima inakuwa myembamba, na neno zima linapoteza weusi. Ukikuta namba yoyote isiyo 100 hapo, irudishe. Kwenye jedwali la Word kuna kitu kama hicho kinachoitwa `Fit text` ndani ya mipangilio ya seli, nacho kizime.

Rangi sina haja ya kuirefusha. Kijivu kwa moja na nyeusi kwa nyingine hakukubaliki. Rangi moja kwa zote mbili.

## Dalili: Kiswahili kinachukua mistari mingi kuliko Kiingereza

Hapa ndipo watu wanaposema, "Kiswahili ni kirefu, hakuna la kufanya." Nilihesabu. Aya ya mafundi na koki ina herufi 124 kwa Kiswahili, nafasi na vituo vikiwemo, na 120 kwa Kiingereza. Tofauti ni herufi nne tu. Lakini Kiswahili kina maneno 18 na Kiingereza maneno 22. Urefu wa maandishi ni karibu sawa. Kilicho tofauti ni ukubwa wa matofali yanayojenga ukuta. Kitenzi chetu kinabeba mtendaji, wakati na tendo kwa pamoja, na matokeo yake ni neno kama "watabadilisha", herufi 13 zisizogawanyika. Neno refu kabisa la Kiingereza kwenye aya ile lina herufi 8.

Matofali makubwa yanasumbua pale tu ukuta unapokuwa mwembamba. Tazama hesabu yenyewe. Msimamizi alikuwa ametaka safu mbili kwenye A4 iliyosimama. Upana ni milimita 210. Toa pambizo la milimita 20 kila upande, na milimita 10 za katikati, kila safu inabaki na milimita 80. Kwa herufi za kawaida za saizi 24, kadiria kwamba herufi moja inakula nusu ya saizi yake, yaani pointi 12, ambazo ni milimita 4.2 hivi. Safu inabeba herufi 19 kwa mstari. Kiswahili kinavunjika hivi:

```
Mafundi
watabadilisha bomba
kuu. Tafadhali
wekeni akiba ya
maji mapema, na
hakikisheni koki
zote zimefungwa
kabla ya kutoka.
```

Mistari minane, na wa kwanza una neno moja tu, kwa sababu "Mafundi watabadilisha" ni herufi 21 na nafasi ni 19. Kiingereza kwenye upana huohuo kinamaliza kwa mistari saba, mingi ikiwa imejaa vizuri. Hapo ndipo mtu anaposhawishika kushusha Kiswahili hadi saizi 21 ili mistari ilingane. Asifanye hivyo.

Geuza karatasi ilale. Sasa una milimita 297 za upana. Toa pambizo mbili za 20, acha 17 katikati, na kila safu inapata milimita 120, yaani herufi 28 kwa mstari kwa saizi ileile ya 24. Kiswahili kinakaa hivi:

```
Mafundi watabadilisha bomba
kuu. Tafadhali wekeni akiba
ya maji mapema, na
hakikisheni koki zote
zimefungwa kabla ya kutoka.
```

Mistari mitano. Kiingereza nacho, nikikihesabu kwa herufi 28, kinatoka mitano. Hakuna herufi iliyopunguzwa wala neno lililobadilishwa. Kilichobadilika ni upana wa safu.

Kanuni ninayoitumia imetokana na hapo: chukua neno refu kabisa la Kiswahili kwenye tangazo, hesabu herufi zake, na hakikisha safu inabeba angalau mara mbili ya hizo. "Watabadilisha" ni 13, kwa hiyo safu ya herufi 26 au zaidi. Ikiwa karatasi haiwezi kutoa safu mbili za upana huo, usilazimishe safu. Weka lugha moja juu na nyingine chini, kila moja ikitumia upana wote wa karatasi. Kwenye A4 iliyosimama upana wote ni milimita 170, herufi 40 hivi kwa saizi 24, na Kiswahili kitapumua.

Jambo moja kuhusu kufupisha maneno ili yatoshe. Nimewahi kuona mtu akibadilisha "wekeni" kuwa "weka" na "hakikisheni" kuwa "hakikisha" ili apate nafasi ya herufi nne. Tangazo hili linazungumza na wapangaji wote, wazee wakiwemo. Ile "-ni" ya mwisho ndiyo inayolifanya liwe ombi kwa jumuiya badala ya amri kwa mtu mmoja aliyesimama mbele yako. Kiingereza hakina cha kupoteza hapo, lakini Kiswahili kinapoteza adabu, na huo pia ni uzito.

## Dalili: kichwa cha Kiswahili hakitoshi

Kwenye kichwa herufi ni kubwa, safu inabeba herufi chache, na neno moja refu linaharibu kila kitu. Nilitaka vichwa viwe saizi 54. Kwa safu ya milimita 120, hiyo ni herufi 12 kwa mstari. Kichwa cha Kiingereza kinatoka kwa mistari miwili. "Hakutakuwa na maji Jumamosi" kinatoka kwa mitatu, kwa sababu "Hakutakuwa" peke yake inajaza mstari.

Ukitazama vizuri utaona kwamba tatizo limeanzia kwenye tafsiri. Mtu aliandika kichwa cha Kiingereza kwanza, kisha akakihamisha kwa Kiswahili neno kwa neno, wakati ujao ukiwemo. Muulize mlinzi yuleyule wa getini atakavyomwambia mpangaji anayepita. Atasema, "Jumamosi hakuna maji." Siku inatangulia kwa sababu ndiyo habari, na hakuna haja ya "hakutakuwa" kwa kuwa Jumamosi yenyewe imeshasema ni lini.

"Jumamosi hakuna maji" ni herufi 20. Kichwa cha Kiingereza nacho ni herufi 20. Nikavivunja kwa `Shift+Enter` pale maana inapopumzika:

```
Jumamosi        No water
hakuna maji     on Saturday
```

Herufi 8 juu na 11 chini, pande zote mbili. Si kila tangazo litakupa bahati ya kulingana hivyo, lakini njia ni ileile: andika kichwa cha Kiswahili upya kama kinavyosemwa, kisha uone kama bado ni kirefu. Mara nyingi hakiwi.

Usiache programu ivunje kichwa kwa kujaza mstari tu. Hapa ingekuachia "on" ikining'inia mwisho wa mstari wa kwanza wa Kiingereza, wakati Kiswahili kimevunjika kwa maana. Msomaji hatajua kwa nini upande mmoja unasomeka kwa ulaini zaidi, lakini atausoma huo.

Na usiandike kichwa kizima kwa herufi kubwa. Maneno yetu yana K, W, M na A nyingi, ambazo zikiwa kubwa zinatanuka sana, na "HAKUTAKUWA" inageuka ukuta usio na mlango. Herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi tu, kwa lugha zote mbili. Ule mtindo wa kuanza kila neno kwa herufi kubwa, uliozoeleka kwenye vichwa vya Kiingereza, ukiuhamishia Kiswahili unapata "Siku Ya Jumamosi Hakuna Maji", na ile "Ya" inasimama kama mtu aliyevaa suti shambani. Uache kwa lugha zote mbili ili zifanane.

## Dalili: watu wanakuja saa tofauti

Hili si kosa la fonti, lakini nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba silikagui mwisho tena, nalikagua mwanzo. Saa 2:00 asubuhi ya Kiswahili ndiyo saa nane ya Kiingereza. Ukiweka safu mbili sambamba, namba 2:00 inakaa ubavuni mwa 8:00, na 10:00 ubavuni mwa 4:00. Mtu anayepanga tangazo bila kuelewa Kiswahili anaona "kosa" na kulisahihisha, kisha unapata "saa 8:00 asubuhi", saa ambayo kwetu haipo. Mpangaji mmoja atafikiri ni saa nane mchana, mwingine ataelewa kwamba ni ya Kiingereza, na wa tatu atajaza ndoo zake Ijumaa usiku ili asipate shida.

Dawa ni kuweka neno la wakati, "asubuhi" au "jioni", kwenye mstari uleule na namba, kwa saizi ileile. Wengine huandika namba kubwa na neno dogo pembeni. Kwa Kiingereza hilo linavumilika, lakini kwa Kiswahili namba isiyo na "asubuhi" karibu yake inasomwa kwa saa ya simu, na simu inaonyesha 8:00.

Mstari wa saa pia ndio wenye tofauti kubwa kuliko yote: herufi 37 kwa Kiswahili, 22 kwa Kiingereza. Usishushe saizi. Uvunje pande zote mbili mahali pamoja, kwenye neno "hadi" na mwenzake wa Kiingereza:

```
Saa 2:00 asubuhi         8:00 a.m.
hadi saa 10:00 jioni     to 4:00 p.m.
```

Kwa saizi 30, mstari mrefu wa Kiswahili unachukua milimita 106 kati ya 120. Unatosha, na upande wa Kiingereza unabaki na nafasi tupu kulia. Nafasi hiyo iache. Kinachobeba uzito ni saizi, weusi na idadi ya mistari. Ukingo wa kulia kutolingana hakumdhuru mtu. Usinyooshe kingo zote mbili kwa `Justify`, kwani kwenye Kiswahili chenye maneno machache na marefu programu inatawanya maneno na kuacha mashimo meupe katikati ya mstari. Panga kushoto, pande zote mbili.

Tarehe, namba ya simu na nembo vinasomwa sawa kwa kila lugha. Viweke kwenye mkanda mmoja chini, ukipita upana wote wa karatasi. Tangazo nililoletewa lilikuwa na namba ya simu upande wa Kiingereza tu, na hiyo peke yake iliufanya upande ule uwe ndio tangazo. Ukiandika tarehe kwa tarakimu, angalia siku iwe kubwa kuliko 12. Vinginevyo 5/6 inasomwa na watu wawili kwa namna mbili, na ni heri mwezi uandikwe kwa neno, kila upande kwa lugha yake.

## Dalili: kila kitu ni sawa, lakini Kiswahili kinaonekana cheusi zaidi

Wakati mwingine mizani inaelemea upande wa pili. Aya yetu ya Kiswahili ina nafasi 17 kati ya maneno. Ya Kiingereza ina 21. Nafasi nne pungufu, pamoja na k, w na m nyingi, zinaufanya upande wa Kiswahili uwe mzito kidogo ukikunja macho. Usipunguze weusi wa Kiswahili. Ongeza nafasi kati ya mistari kwa lugha zote mbili, kwani weupe kati ya mistari unameza tofauti ya weupe kati ya maneno. Kwa saizi 24, kwenye `Line spacing` chagua `Exactly` na uandike `32 pt`. Nikifanya hivyo tofauti inapotea kwa mtu aliyesimama hatua tatu nyuma.

`Exactly` ina faida nyingine. Mistari ya pande mbili inakaa kwenye usawa mmoja, wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili, na jicho linaziona kama jozi.

## Dalili: safu zinajibadilisha upana zenyewe

Kwa Word njia rahisi ya safu mbili ni jedwali lisilo na mistari ya kuonekana. Lakini jedwali la Word linapenda kujitanua kufuata maneno marefu, na unajikuta na safu ya Kiswahili pana na ya Kiingereza iliyobanwa. Chagua jedwali, fungua `AutoFit`, chagua `Fixed Column Width`. Weka safu tatu: sentimita 12, sentimita 1.7 iliyo tupu, na sentimita 12. Kisha fungua mipangilio ya jedwali na ufanye pambizo za ndani za seli ziwe sifuri, maana Word inaweka 0.19 kila upande bila kukuuliza, na hizo zinaishusha safu kutoka herufi 28 hadi 27, na mstari wenye herufi 27 unabaki bila akiba yoyote.

Kila aya iwe na safu mlalo yake: kichwa mkabala na kichwa, saa mkabala na saa. Upande mmoja ukirefuka, mwingine unasubiri, na vyote vinaanza tena pamoja.

## Dalili: maneno yamekatwa vibaya, au programu inayabadilisha

Ukiona kitu kama "hakik-isheni", programu inadhani inasoma Kiingereza. Silabi zetu zinaishia na irabu, kwa hiyo neno linakatwa baada ya irabu: haki-kisheni, au hakiki-sheni. Sh, ch, ny, mb na nd hazitenganishwi. Kwa tangazo la ukutani sikati neno lolote. Ninaweka `Hyphenation` kwenye `None`, na upana wa safu unafanya kazi iliyobaki. Chagua pia maandishi ya Kiswahili na uyawekee lugha yake kupitia `Set Proofing Language`, ili mistari myekundu iondoke na "i" iliyo peke yake, kama katika "ofisi i wazi", isigeuzwe kuwa herufi kubwa.

## Nani aanze

Kwenye safu mbili, ya kushoto inasomwa kwanza. Kwenye mpangilio wa juu na chini, ya juu. Hakuna namna ya kulikwepa hilo. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ibara ya 7, Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, kwa hiyo sheria yenyewe haikuambii ipi ikae kushoto. Mimi naangalia wanaopita getini. Pale kwenye jengo lile wengi wao husoma Kiswahili kwanza, hivyo Kiswahili kilikaa kushoto, na kwa kuwa kila kitu kingine kilikuwa sawa, Kiingereza hakikupoteza chochote kwa kukaa kulia.

## Dalili: nyumbani lilikuwa sawa, steshenari limetoka vingine

Ulipeleka faili la Word kwenye fleshi, na kompyuta ya pale haina fonti uliyotumia. Ikachagua nyingine, pana zaidi, na mstari wa Kiswahili uliokuwa na nafasi ya herufi moja tu ukavunjika. Upande wenye maneno marefu ndio unaoumia kwanza siku zote. Hifadhi kama PDF na upeleke hiyo, na uwaambie wasiifungue kwa Word.

Nakala ya kwanza ikitoka, usiwaruhusu wachapishe zilizobaki. Ikunje katikati, maandishi yakiwa nje, uielekeze dirishani. Safu ya Kiswahili na ya Kiingereza zitaonekana kwa pamoja kupitia karatasi. Kichwa kinapaswa kulala juu ya kichwa, saa juu ya saa, na mistari mitano juu ya mistari mitano. Mstari mmoja ukichungulia peke yake, rudi kwenye kompyuta uangalie safu yake mlalo.